Ukiandika bei ya uongo kwenye mkataba wa ploti, kodi ya muuzaji unaibeba wewe

*Shikamoo Wakili. Nataka kununua ploti yangu ya kwanza, iko Bamburi, na tumeelewana na mwenyewe milioni 3.2. Akiba yangu ni milioni 3.5. Dalali anasema tuandike milioni 1.5 kwenye mkataba ili ushuru wa stempu upungue. Tena akaniambia mnunuzi wa mara ya kwanza amesamehewa ushuru huo. Mpaka sasa nimeonyeshwa kopi ya hati tu. Nianzie wapi, na nitalipa nini, lini?*

Marahaba, dada yangu. Nianze na huo msamaha, maana ndio unaowaponza wengi. Upo kweli katika sheria tangu 2018, lakini ni wa mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu. Ploti ya mtu binafsi haimo, hata kama hujawahi kumiliki ardhi maishani mwako. Weka ushuru kwenye bajeti yako tangu leo.

Kiwango chenyewe ni rahisi kukikumbuka. Ardhi iliyo ndani ya mji hulipiwa asilimia 4 ya thamani yake, na ya mashambani asilimia 2. Bamburi iko ndani ya mji wa Mombasa, kwa hiyo wewe ni wa asilimia 4. Dalali akikwambia kule kwenu bado ni shamba kwa sababu kuna minazi, mwache na minazi yake.

Sasa hiyo milioni 1.5. Neno la kulishika ni "thamani". Ushuru haukadiriwi kwa bei mliyoiandika pekee. Hati ya uhamisho ikishatiwa saini hupelekwa kwa mthamini wa serikali, naye huenda kuiona ploti, hutazama barabara, majirani na bei za mauzo ya karibu, kisha huandika thamani ya soko. Akikuta thamani iko juu ya bei ya mkataba, utalipa kwa thamani yake. Bei ya mkataba ikiwa juu, utalipa kwa bei ya mkataba. Kwa hiyo kuandika 1,500,000 kwenye ploti ya Bamburi inayouzwa zaidi ya maradufu ya hapo hakumzuii mthamini kuandika anachokiona kwa macho yake.

Lakini tuseme hila imepita na mthamini amekubali milioni 1.5. Hebu tuhesabu nani amefaidika. Wewe ungepunguziwa asilimia 4 ya 1,700,000, yaani shilingi 68,000. Muuzaji naye ana kodi yake, ile ya faida ya mauzo ya mali, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida halisi. Chukulia aliinunua ploti kwa 1,200,000 na gharama zake zinazokubalika ni 200,000. Akiuza kwa 3,200,000 kikweli, faida ni 1,800,000 na kodi yake ni 270,000. Akiuza "kwa 1,500,000", faida inabaki 100,000 na kodi ni 15,000. Ameokoa 255,000.

Na hizo 255,000 hazipotei hewani. Siku utakapoiuza ploti hiyo wewe, bei yako ya ununuzi mbele ya KRA itakuwa ile iliyo kwenye karatasi, 1,500,000. Ile 1,700,000 nyingine uliyoitoa mfukoni itahesabiwa kuwa ni faida yako, na asilimia 15 yake ni 255,000 kamili. Yaani kodi ya muuzaji imehamia kwako, ukapewa 68,000 ya kukupumbaza. Dalali hatakueleza hivyo, pengine hata yeye hajawahi kuikaa chini akaihesabu.

Kuna hatari iliyo karibu zaidi ya hiyo. Mauzo yakivunjika katikati, mkataba ndio ushahidi wako. Utamdai nini mtu uliyempa milioni 3.2 kwa karatasi inayosema milioni 1.5? Na ukienda mahakamani kueleza ukweli, utakuwa unakiri kwamba mliidanganya serikali kwa makusudi, jambo ambalo Sheria ya Ushuru wa Stempu inaliita kosa. Andika bei mnayolipana. Muuzaji akikataa, huyo si muuzaji wako.

Basi turudi mwanzo kabisa, kwenye kopi ya hati. Kopi haithibitishi umiliki. Inakupa tu nambari za kutafutia ukweli. Hati nyingi za zamani za huku Pwani zina nambari mbili: nambari ya ploti, ambayo kwa Bamburi aghalabu husomeka kama kipande fulani cha Section II Mainland North, kwa kifupi MN/II, na nambari ya rejista inayoanza na herufi CR. Zichukue zote mbili. Wapo wanaotoa nambari ya ploti tu wakaificha ile ya CR, na bila hiyo unaweza kuzungushwa sana kwenye afisi ya usajili. Uliza pia kama ploti imekwisha kubadilishiwa nambari, kwa sababu serikali imekuwa ikizihamisha hati za sheria za zamani kwenda kwenye mfumo mmoja wa Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Ikiwa nambari mpya imetoka, uhamisho utafanywa kwa hiyo.

Kwa nambari hizo, wakili wako ataomba sachi rasmi kwa msajili. Ikirudi isome mwenyewe, usiridhike kuambiwa "iko safi". Jina la mwenye ploti lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukubwa ulingane na ulioonyeshwa. Tazama kama ni ardhi ya kudumu au ya kukodishwa kwa miaka, na kama ni ya miaka, imebaki mingapi. Kisha teremka kwenye sehemu ya mizigo: rehani ya benki, kaveti ya mtu anayedai haki, au amri ya korti. Moja kati ya hizo ikiwepo, hapahamishwi kitu mpaka iondolewe, na kuiondoa ni kazi ya muuzaji, kwa pesa yake.

Sachi inakwambia nani ameandikwa leo. Haikwambii aliandikwa vipi, na hapa Mombasa tuna funzo la karibu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya pwani kule Nyali iliyosajiliwa kwa mara ya kwanza 1989. Mnunuzi aliyeshtaki hakuwa wa kwanza kuimiliki, na alijitetea kwamba alinunua kwa nia njema, hati ikiwa safi. Mahakama ilisema ugawaji wa mwanzo haukufuata utaratibu, na ardhi ilikuwa ya umma, kwa hiyo hati iliyozaliwa kutoka hapo haikuweza kumlinda hata mnunuzi wa baadaye. Kwako maana yake ni hii: mwambie wakili arudi nyuma kwenye mlolongo wa wamiliki hadi wa kwanza, na aulize ardhi ilitokaje kwa serikali. Ploti iliyo kwenye njia ya kuendea baharini, kando ya barabara kuu, au iliyokatwa kutoka kiwanja cha shule, ikuulizishe maswali mengi zaidi ya ile iliyogawanywa kutoka shamba la mtu binafsi.

Wakati sachi inasubiriwa, peleka sorovea mwenye leseni akafukue bikoni na azilinganishe na ramani ya upimaji. Usionyeshwe mipaka na dalali. Zungumza na majirani pia, hasa wazee, kwa sababu mtu anayekaa kwenye ardhi anaweza kuwa na haki isiyoandikwa popote kwenye rejista.

Na kwa vile tuko Mombasa, hakikisha unauziwa ardhi yenyewe. Huku kwetu, Majengo na kwingineko, mtu anaweza kuwa na nyumba yake halali, akaiuza na akairithisha, huku akilipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba. Anayenunua hapo amenunua kuta na paa. Si utapeli, ni utaratibu wa miaka mingi, lakini hapana hati ya ardhi ya kuhamisha, na haya yote ninayokueleza hayatakuhusu.

Ukiridhika, ndipo mkataba. Mauzo ya ardhi ya mdomo hayatetewi mahakamani. Lazima yaandikwe, pande zote mbili zitie saini, na kila saini iwe na shahidi. Tafuta wakili wako, mbali na wa muuzaji. Najua wengi hutumia mmoja ili kupunguza gharama, na mambo yakienda vizuri huonekana werevu. Yakiharibika, wakili huyo hawezi kumtetea yeyote kati yenu. Malipo ya kwanza huwa asilimia 10, kwako 320,000, na mkataba useme zikae kwa wakili kama amana mpaka uhamisho ukamilike. Usimpe dalali. Usimpe muuzaji mkononi. Muda wa kukamilisha huwa siku 90, nao si mrefu kama unavyosikika, kwa sababu karatasi zinazofuata zinatoka afisi tofauti, kila moja kwa mwendo wake.

Karatasi hizo ni za muuzaji kuzileta, na mkataba uzitaje moja moja. Hati halisi. Cheti cha kaunti kwamba hadaiwi reti. Kama ardhi ni ya kukodishwa, cheti kwamba hadaiwi kodi ya ardhi ya serikali, na idhini ya mkodishaji kuhamisha. Kopi ya kitambulisho, pini ya KRA na picha za pasipoti. Tena, kama ana mke au mume, idhini ya mwenzi wake kwa maandishi. Hii ya mwisho ndiyo inayodharauliwa sana, "mke wangu hana neno", na ndiyo inayovunja mauzo baadaye mwenyewe akija na neno. Idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ni ya ardhi ya kilimo, na ploti ya ndani ya mji kwa kawaida haiihitaji. Ungekuwa unanunua shamba upande wa Kilifi au Kwale, ningekwambia uombe ndani ya miezi 6 tangu mkataba, kwa sababu bila idhini hiyo mauzo ni batili.

Hati ya uhamisho yenyewe hutiwa saini mbele ya mtu anayeruhusiwa kisheria kuthibitisha saini, kwa kawaida wakili, na mtiaji saini awepo mwenyewe na kitambulisho chake. Usikubali hati iliyokuja tayari imesainiwa na "mzee yuko Nairobi". Na ujue kwamba saini hiyo inafungua saa: ushuru wa stempu unatakiwa ndani ya siku 30, na ukichelewa kuna adhabu juu yake. Ndiyo sababu mawakili wazuri hawaharakishi saini ya uhamisho kabla vyeti vya muuzaji havijakaribia kukamilika.

Hapo mthamini anaingia. Wakili hupeleka fomu ya kuomba uthamini pamoja na uhamisho, mkataba na kopi ya hati, kisha siku hupangwa ya kwenda kuitazama ploti. Nakusihi jambo moja: usianze kujenga. Wanunuzi wengi wakishalipa sehemu ya pesa huingiwa na hamu, wakaleta matofali, wakachimba msingi na kuzungusha ukuta. Mthamini akifika, anathamini anachokikuta, na utabaki kubishana kwamba ukuta ni wako na uliujenga baada ya kununua. Acha majani yaote kidogo.

Tuseme thamani imerudi 3,600,000, juu ya bei yenu. Hilo ni la kawaida na si lazima liwe kosa. Ushuru wako ni asilimia 4 ya hiyo, shilingi 144,000, badala ya 128,000 uliyokuwa umeitarajia. Kama mthamini ameruka mbali sana na bei za mtaa, wakili anaweza kuandika kuomba uangaliwe upya, akiambatanisha ripoti ya mthamini binafsi. Kwa tofauti ya 16,000, ripoti hiyo pengine itakugharimu zaidi ya unachokigombania. Lipa uendelee.

Malipo hutengenezewa hati kwenye mfumo wa iTax wa KRA, kwa pini yako wewe mnunuzi. Hati hiyo huwa na nambari ya malipo iliyoandikwa PRN. Utalipa kwa nambari hiyo na utapata stakabadhi. Pesa ya ushuru usiikabidhi kwa mtu anayekwambia "nipe keshi nikupigie stempu", kwa sababu stempu bandia zimewahi kupigwa kwenye hati za watu, na mnunuzi hugundua miaka baadaye anapotaka kuuza au kuweka rehani. Ukiwa na PRN yenye jina na pini yako, unaweza kuithibitisha mwenyewe kwa KRA. Hati isiyolipiwa ushuru haipokewi kama ushahidi katika kesi ya madai na msajili haisajili, kwa hiyo stempu bandia ni sawa na kutolipa kabisa.

Muuzaji naye awe amemaliza kodi yake ya faida kufikia hapo. Andikeni kwenye mkataba kwamba ni yake, kwa sababu muuzaji anayeshtukia 270,000 dakika za mwisho hutaka "tugawane".

Kisha uhamisho, hati ya zamani, vyeti vyote na stakabadhi ya ushuru hupelekwa kwa msajili. Na salio la 2,880,000? Hapa kila upande unaogopa: wewe huogopa kulipa kabla ya hati kutoka kwa jina lako, na muuzaji huogopa kuhamisha kabla ya kulipwa. Njia iliyozoeleka ni wakili wako kuishika pesa na kumwandikia wakili wa muuzaji ahadi ya kitaaluma kwamba ataitoa ndani ya siku kadhaa baada ya uhamisho kusajiliwa. Ahadi hiyo inamfunga wakili mwenyewe, kwa hiyo hataiandika kabla pesa yako haijafika kwake. Ukiona muuzaji anakataa mpango huu na anataka salio lote kabla ya hati kupelekwa kwa msajili, jiulize kwa nini.

Sasa tuipime akiba yako. Ploti 3,200,000. Ushuru, kwa mfano wetu, 144,000. Ada ya wakili kwa ununuzi usiozidi milioni 5 huanzia asilimia 2 ya bei, yaani 64,000, na juu yake kodi ya VAT ya asilimia 16, shilingi 10,240. Jumla ni 3,418,240. Unabakiwa na 81,760 za sorovea, sachi na ada za usajili. Inatosha, lakini kwa kubana. Mthamini akiipandisha ploti hadi milioni 5, ushuru unakuwa 200,000 na hizo 81,760 zinashuka hadi 25,760. Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba, uliza ploti za jirani zimethaminiwa kwa kiasi gani hivi karibuni. Mawakili wanaofanya kazi hii hapa mjini hawakosi kujua.

Hati ikitoka kwa jina lako, omba sachi nyingine kabla wakili hajaachilia salio, uone rejista yenyewe inasema nini. Soma jina lako, nambari ya kitambulisho na ukubwa wa ploti, maana kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha wiki hiyo na gumu miaka kumi baadaye. Halafu peleka kopi kaunti, akaunti ya reti ibadilishwe jina. Hili wengi hulisahau, bili zikaendelea kumwendea muuzaji, naye hana sababu ya kukupigia simu. Deni hukua kimya kimya kwenye ploti, si kwa mtu, na anayelidaiwa ni mwenye hati.